Hesabu ya makreti na chupa tupu: kujua kila mteja anashika nini na amana yake ni kiasi gani

Duka la jumla la vinywaji hapa Dodoma hutoa vitu viwili kwa wakati mmoja, ingawa risiti huonyesha kimoja. Soda iliyo ndani ya chupa inauzwa na kuisha. Chupa na kreti haviuzwi: vinaazimwa, na vinatakiwa kurudi. Mwenye duka pale Majengo anaweza kuwa na vitabu safi vya mauzo, faida inaonekana, halafu siku gari la kiwanda likifika anakuta hana tupu za kutosha kubadilishana na mzigo mpya. Tupu hizo ziko Nkuhungu, Kizota, Ihumwa na Chamwino, kwa watu ambao hakuna daftari linalosema wanadaiwa ngapi.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo tu: kumfungulia kila mteja hesabu ya tupu, kuiandika kila mzigo unapotoka au kurudi, na kuilinganisha na amana aliyoweka, yaani ile ambayo dukani huitwa hela ya kreti au dipoziti. Mfano wetu ni soda ya chupa ya kioo ya mililita 350, inayokaa 24 kwenye kreti. Njia ni ile ile kwa bia, ila hesabu matundu ya kreti lako kabla ya kuandika chochote, kwa sababu kuna makreti ya bia ya 20 na ya 25.

Hesabu tatu, siyo moja

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kuandika "kreti 10 zimerudi" na kuishia hapo. Kreti linaweza kurudi na chupa 24, au 21, au bila chupa kabisa. Kwa hiyo kila mteja anahitaji hesabu tatu zinazokwenda sambamba bila kuchanganywa: idadi ya makreti anayoshika, idadi ya chupa anazoshika, na shilingi za amana alizokwisha kuweka kwako.

Mbili za kwanza ni za vitu, na huhesabiwa kwa vitu. Usizigeuze kuwa fedha unapoandika. Ukiandika kwamba mteja "anadaiwa 24,000 za kreti", baada ya miezi miwili hakuna atakayejua kama hayo ni makreti mawili yenye chupa, au makreti matano matupu, au chupa 80. Andika vitu kwanza. Fedha utaipata wakati wowote kwa kuzidisha.

Kisha tenganisha aina. Chupa ya Pepsi hairudishwi kama chupa ya Coca-Cola, hata kama zimekaa vizuri kwenye kreti moja. Bia nayo ina chupa zake na makreti yake. Kila aina ambayo kiwanda kinaipokea peke yake ipewe jina lake fupi na mstari wake kwenye kadi ya mteja. Duka la kawaida huwa na aina nne hadi sita. Ukijikuta na aina kumi na tano, umeanza kuhesabu ladha, na ladha hazihusiki hapa: chupa ikishakuwa tupu, kinachotazamwa ni chupa yenyewe.

Kuanza: siku ya kuhesabu

Huwezi kuanza na kumbukumbu za kichwani. Chagua siku ambayo mzigo ni mdogo, Jumapili jioni kwa mfano, uhesabu kila kitu kilicho dukani na stoo: yaliyojaa, matupu, na chupa zisizo na kreti. Katika wiki inayofuata, dereva au wewe mwenyewe mpite kwa kila mteja mwenye mzigo wenu mkahesabu naye, papo hapo, mbele ya macho yake. Hesabu chupa zilizojaa pamoja na tupu, kwa maana zote ni zako.

Andika matokeo kwenye kadi mbili zinazofanana, nyote mtie sahihi, yeye abaki na yake. Mteja akisema "hizo nilishazilipia amana", mwombe stakabadhi. Akiwa nayo, andika kiasi. Akiwa hana, na wewe huna kumbukumbu, kubalianeni siku hiyo hiyo idadi ambayo nyote mnaikiri na muiandike kama mwanzo mpya. Mabishano ya mwaka jana hayamalizwi na daftari la mwaka huu. Kinachotakiwa ni tarehe moja ambayo kuanzia hapo hakuna ubishi.

Siku hiyo pia mpangie kila mteja kikomo, yaani thamani ya tupu anayoruhusiwa kushika bila amana. Mpita njia asiye na duka: sifuri. Grosari unayoifahamu, inayonunua kila wiki: labda thamani ya makreti mawili au matatu. Mteja wa mbali kama Mpwapwa au Kibaigwa, ambaye gari lako humfikia mara moja kwa wiki mbili, anahitaji kikomo kikubwa zaidi kwa sababu tupu zake hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kukusanywa. Mwenye barabara mbovu pia mfikirie hivyo katika miezi ya mvua, ambayo kwetu huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili.

Hati ya mzigo na namna ya kuhesabu tupu

Tumia kitabu chenye karboni, kurasa zenye namba zilizochapwa. Upande wa kushoto wa ukurasa ni vilivyotoka: aina, makreti, chupa. Upande wa kulia ni vilivyorudi: aina, makreti, chupa nzima, na nafasi ya zilizokataliwa pamoja na sababu. Chini ni amana iliyoingia au iliyorudishwa, kisha salio jipya la makreti na chupa. Salio liandikwe pale pale, mteja akiwa amesimama. Mtu anayeliona salio lake kila anaponunua hulikosoa likiwa bado bichi, na hapo ndipo kosa linaporekebishika. Anayeonyeshwa salio baada ya miezi mitatu hukataa lote.

Kuhesabu chupa moja moja kwenye makreti 40 huchosha, na mtu aliyechoka huanza kukisia. Kuna njia rahisi: hamisha chupa ili kila kreti lijae, moja baada ya jingine, mpaka libaki kreti moja tu lenye mapengo. Hapo chupa zote ni idadi ya makreti yaliyojaa mara 24, ukijumlisha zilizomo kwenye lile la mwisho. Panga yaliyojaa kwa minara ya matano matano na kreti lenye mapengo liwe juu kabisa, lionekane. Mapengo yaliyofichwa katikati ya mnara ndiyo njia ya kawaida ya kupoteza chupa, na mara nyingi hakuna aliyekusudia: mtu alichomoa mbili akaenda kunywea, basi.

Wakati wa kuhamisha, tazama mambo matatu. Mdomo wa chupa: pitisha jicho kwenye ukingo, penye mnyofoko kizibo hakitashika na kiwanda hakitaipokea. Harufu: chupa iliyowekwa mafuta ya taa au dawa ya mifugo haitoki harufu, na ikiingia kwenye mzigo itakataliwa mlangoni kwa kiwanda, hasara ikiwa imeshakuwa yako. Halafu aina: chupa ya kampuni nyingine hujificha vizuri kwenye safu ya kati. Kilichokataliwa kirudishwe kwa mteja wakati huo huo na kiandikwe. Ukikipokea "kwa kuwa ni mteja wetu wa siku nyingi", umenunua chupa ambayo hutaweza kuiuza.

Kreti nalo litazamwe. Lililopasuka kitako au lililokatika mshiko litaangusha chupa njiani. Kreti likiwa bovu lakini chupa zake nzima, pokea chupa, kataa kreti. Hii ndiyo faida ya kuwa na hesabu mbili.

Mfano wa mteja mmoja kwa mwezi

Tuchukulie grosari moja ya Nkuhungu, mteja namba 014, na tuchukulie kwamba amana ni shilingi 300 kwa chupa na 4,800 kwa kreti tupu. Hivi ni viwango vya mfano tu, weka vile anavyokutoza anayekuletea mzigo. Kwa viwango hivi kreti lenye chupa zote 24 lina amana ya 7,200 kwa chupa na 4,800 kwa kreti, jumla 12,000. Kikomo chake ni 30,000.

Mwezi unaanza akishika makreti 10 na chupa 240, na amana yake kwako ni 120,000. Vinalingana, hakuna pengo. Pengo ndiyo namba ya kuitazama siku zote: thamani ya vitu anavyoshika, ukiondoa amana aliyoweka.

Tarehe 3 anachukua makreti 10 yaliyojaa na kurudisha 8. Ndani ya hayo 8 mnahesabu chupa 187 badala ya 192. Sasa anashika makreti 12, na chupa 240 ukijumlisha 240 ukiondoa 187, yaani 293. Thamani ni 57,600 za makreti na 87,900 za chupa, jumla 145,500. Pengo ni 25,500. Liko chini ya kikomo, mzigo unakwenda bila amana mpya.

Tarehe 10 anachukua 12 na kurudisha 12. Kwa juu inaonekana amelipa kila kitu. Lakini chupa alizoleta ni 281, na kati ya hizo 3 ni za kampuni nyingine na 2 zimenyofoka mdomo. Zinazopokelewa ni 276. Makreti bado 12, chupa ni 293 ukijumlisha 288 ukiondoa 276, sawa na 305. Thamani imekuwa 149,100 na pengo 29,100. Shilingi 900 zaidi atagusa kikomo.

Angalia hapa daftari la makreti peke yake lingesema nini. Lingesema anashika 12, ameweka amana ya 10, pengo ni makreti mawili, 24,000, na halijabadilika tangu wiki iliyopita. Ukweli ni kwamba chupa 17 hazipo kwenye hesabu ya makreti kabisa, maana makreti 12 yangekuwa na chupa 288 naye anashika 305. Chupa 17 kwa 300 ni 5,100, na ndiyo tofauti kati ya 24,000 na 29,100. Kwa mteja mmoja ni kitu kidogo. Kwa wateja sitini, kila mmoja na chupa kumi na kadhaa, ni makreti arobaini ya chupa ambazo umeshazilipia kiwandani.

Tarehe 17 anachukua makreti 8, anarudisha 10 yenye chupa 240 nzima. Anabaki na makreti 10 na chupa 257. Thamani 48,000 na 77,100, jumla 125,100, pengo 5,100. Makreti yamerudi sawa na amana yake, na kilichobaki ni zile chupa 17 peke yake.

Mwisho wa mwezi mnakwenda kuhesabu kwake. Mnakuta makreti 10, na chupa 245 zilizojaa na tupu, tano kati yake zimesimama pembeni bila kreti. Kadi inasema 257. Zilizopungua ni 12, zikiwemo zile mbili zilizonyofoka mdomo ambazo alizitupa. Hapo ndipo chupa "isiyorudi bado" inageuka kuwa chupa "iliyopotea", na haya ni mambo mawili tofauti. Isiyorudi inasubiriwa. Iliyopotea inalipwa: 12 kwa 300 ni 3,600. Akilipa, andika chupa 12 kama zilizolipiwa, salio lishuke hadi 245, pengo libaki 1,500, ambalo ni zile tano za pembeni.

Je, hizo 3,600 unaweza kuzikata kwenye amana yake? Inawezekana, mkikubaliana, lakini si vizuri kuifanya kuwa kawaida. Amana ikipungua kimya kimya mteja anaendelea kuamini ana 120,000 kwako, na siku ya kufunga hesabu mtagombana kwa jambo ambalo lilikuwa la shilingi elfu tatu. Mlipishe taslimu, umpe stakabadhi.

Kuweka kwenye kompyuta

Kadi za karatasi zinatosha kwa wateja ishirini. Wakizidi hapo, andika hati zote kwenye jedwali moja la Eksel, karatasi iitwe `Miamala`, safu zikiwa hivi: A tarehe, B namba ya hati, C mteja, D aina, E makreti yaliyotoka, F makreti yaliyorudi, G chupa zilizotoka, H chupa zilizorudi, I amana iliyoingia, J amana iliyorudishwa, K sababu. Salio la mwanzo nalo liingie kama hati ya kawaida, sababu yake MWANZO. Vilivyopotea na kulipiwa viingie safu F au H, sababu ikiwa IMELIPIWA, ili baadaye ujue havikurudi stoo.

Kwenye karatasi ya pili, kila mstari ni mteja (A) na aina (B). Salio la makreti kwenye C2 ni:

```
=SUMIFS(Miamala!E:E,Miamala!C:C,A2,Miamala!D:D,B2)-SUMIFS(Miamala!F:F,Miamala!C:C,A2,Miamala!D:D,B2)
```

Kwa chupa (D2) badilisha E na F za mwanzo kuwa G na H, kwa amana (E2) tumia I na J. Weka amana ya kreti moja kwenye F2 na ya chupa moja kwenye G2, kisha pengo litakuwa:

```
=C2*F2+D2*G2-E2
```

Salio la makreti likitoka hasi, usilifute. Mara nyingi maana yake ni kwamba mteja amerudisha makreti uliyompa mwenzake, au hati moja ya kutoka haikuandikwa. Tafuta namba ya hati iliyorukwa kabla ya kitu kingine chochote. Na jina la mteja liandikwe kwa namba yake, 014, si kwa jina la duka, kwani "Mama Neema", "mama neema" yenye nafasi mwishoni na "M. Neema" vitakupa wateja watatu. Safu ya C ipange kuwa maandishi kabla ya kuanza, la sivyo kompyuta itaondoa ile sifuri ya mbele.

Fedha ya amana si mauzo

Amana ni deni lako kwa mteja mpaka siku anaporudisha vitu. Ikiingia kwenye droo moja na mauzo, jioni itaonekana kama faida, na kesho itanunua mzigo. Iwe na bahasha yake au akaunti yake, na kila jioni jumla ya bahasha ilingane na hati za siku. Kama umeitumia kulipia makreti ya nyongeza kiwandani, iandike hivyo: fedha imegeuka kuwa makreti, lakini deni kwa mteja lipo pale pale.

Hapa Dodoma kuna msimu wa kuangalia kwa makini. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na katika miezi hiyo mji hujaa wageni. Wanaofungua vibanda na grosari za muda huchukua makreti mengi na kuweka amana, halafu huja kuzidai karibu kwa pamoja wageni wakiondoka. Aliyetumia amana za Aprili kununua mzigo wa Mei atakuwa na wadai mlangoni mwezi Julai, biashara ikiwa imepoa.

Katika kurejesha, shika kanuni mbili. Mlipe yule ambaye jina lake liko kwenye stakabadhi, si yeyote aliyeleta makreti. Mtu akija na makreti matano kwenye guta akadai 60,000 bila stakabadhi, huenda ni makreti uliyompa mteja wako kwa mkopo. Ukimlipa, umelipia mali yako mwenyewe, na deni la mteja bado limesimama. Kanuni ya pili: usirejeshe zaidi ya amana iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Viwango vikipanda, mambo huwa magumu kidogo. Tuseme chupa imekuwa 350 na kreti 5,000, seti nzima 13,400. Mteja 014 aliweka 120,000 kwa seti kumi za bei ya zamani. Akirudisha zote ukamlipa kwa bei mpya, unatoa 134,000, na 14,000 zimetoka mfukoni mwako. Angalia kwanza aliyekuletea mzigo amefanya nini. Kama amewataka wote waongeze tofauti kwa makreti wanayoyashika, na wewe wadai wateja wako tofauti hiyo, uwaandikie stakabadhi mpya. Kama kiwango kipya ni kwa makreti mapya tu, basi kila amana irudi kwa bei iliyowekwa, na ya zamani ndiyo itoke kwanza. Kwa hiyo stakabadhi ya amana iandikwe idadi na kiwango, "makreti 10 kwa 4,800, chupa 240 kwa 300", siyo jumla peke yake.

Harusi, sendofu na kipaimara

Mteja wa shughuli ni tofauti kwa kuwa harudi wiki ijayo. Akichukua makreti 20, amana yote ya 240,000 ilipwe kabla ya mzigo kuondoka, na tarehe ya kurudisha iandikwe kwenye stakabadhi. Soda zisizofunguliwa zikirudi, zitenge: kwenye hesabu ya tupu ni chupa iliyorudi kama nyingine, na kwenye mauzo ni bidhaa iliyorudishwa. Zote mbili ziandikwe, na kizibo kitazamwe. Amana irudishwe baada ya kuhesabu, siyo kwa ahadi ya "zilizobaki zinakuja kesho". Rudisha ya zile zilizofika, ya zilizobaki isubiri.

Gari linaporudi

Hati za wateja zinaweza kuwa safi na bado makreti yakapotea njiani, kwa hiyo gari nalo lihesabiwe kama mteja. Limetoka asubuhi kuelekea Bahi na makreti 80 yaliyojaa. Jioni limerudi na 12 yaliyojaa na 61 matupu. Yaliyouzwa ni 68. Jumlisha hati za siku: makreti yaliyotoka lazima yawe 68, yaliyorudi lazima yawe 61. Hati zikisema wateja wamerudisha 66, makreti matano yamepokelewa na hayakufika stoo.

Sababu huwa mbili kwa kawaida. Ama dereva au tingo ameyaacha mahali kwa makubaliano yake, ama aliandika idadi aliyoambiwa na mteja bila kuhesabu. Utazitofautisha kwa kupiga simu kwa wateja wa hati zile na kuuliza wanabaki na ngapi. Kama mmoja ana makreti matano zaidi ya kadi yake, ni uandishi. Kama hakuna aliyezidi, yamepotea garini. Hesabu hii ifanyike jioni hiyo hiyo kabla ya gari kuoshwa. Ya kesho yake huchanganyika na mzigo mpya.

Kufunga mwezi

Jumla ya makreti uliyonayo kwenye vitabu lazima ilingane na mahali yalipo. Tuseme unamiliki 600 ya aina moja. Stoo yaliyojaa 230, matupu 110, garini 40, kwa wateja kwa mujibu wa kadi 214. Jumla 594. Sita hayaonekani. Usianze kwa kumtuhumu mtu: anza na hati za mwezi, uone kama kuna namba iliyorukwa, kisha makreti yaliyovunjika ambayo hayakufutwa, kisha hesabu ya mwisho ya kiwanda, maana nako makosa ya kupokea tupu hutokea. Yakikosekana kabisa, yafute kwa hati yenye sababu na tarehe, ili mwezi ujao uanze na 594. Fanya vivyo hivyo kwa chupa, na hapo ondoa kwenye jumla unayomiliki zile zenye sababu IMELIPIWA.

Kisha linganisha kila mteja na kasi yake. Gawanya makreti anayoshika kwa anayonunua kwa wiki. Mteja 014 anashika 10 na hununua karibu 10 kwa wiki, sawa na wiki moja, hana tatizo. Mwingine wa Ipagala anashika 30 na hununua 8, karibu wiki nne. Huyo ana makreti yaliyolala uani, au anayapeleka kwa muuzaji wa jumla mwingine kubadilishana na mzigo wa huko, jambo ambalo kadi peke yake haitakuonyesha. Nenda ukahesabu. Yakiwepo, yakusanye siku hiyo, hata bila yeye kununua. Yasipokuwepo, mzigo unaofuata uwe kreti kwa kreti na chupa kwa chupa, bila nyongeza, na alipe sehemu ya pengo kila anaponunua mpaka lishuke chini ya kikomo.

Mteja anayefunga duka au kuhama apewe hesabu ya mwisho kwa mpangilio huu: hesabu vitu kwake, toza vilivyopotea, chukua vilivyopo, kisha rejesha amana yote kwa kiwango cha stakabadhi yake. Chukua stakabadhi ya zamani uipige mstari na kuibana kwenye kadi, na salio la makreti, la chupa na la amana yote matatu yasome sifuri kabla hujaandika "imefungwa".